Jibu Moja la Dolgogae

Simpendi Bang Gil-ja. Ninalisema mapema ili usije ukanidhania mtu mwema, na ili uelewe kwa nini asubuhi ile, nilipofika kwenye majibu ya kijiji cha Dolgogae, nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi mezani.

Mimi ni mkuu wa meza ya namba katika ofisi ya utafiti hapa mjini Daejeon, Korea Kusini, juu ya duka la miwani. Wadadisi wetu wanakwenda vijijini na madodoso ya karatasi, wanauliza wazee, wanaandika kwa mkono. Karatasi zinarudi zimekunjamana, nyingine zina madoa ya supu, na wachapaji wanayaingiza majibu kwenye kompyuta neno kwa neno, makosa yakiwemo. Maswali ya kuchagua hayana shida, mtu ametia alama yake na yamekwisha. Shida ni maswali ya wazi, ambayo mzee anasema lolote lililomjia. Mteja hataki lolote lililomjia mzee. Mteja anataka jedwali.

Kwa hiyo tunaanza kwa kusoma sehemu ya majibu kutoka kila kijiji na kuangalia yanavyojikusanya yenyewe. Tunayapa makundi, kila kundi na namba yake, na maelezo ya nini kinaingia na nini hakiingii. Kisha mimi na mwenzangu Ma Jin-ok, kila mmoja peke yake bila kuchungulia ya mwenzake, tunalipa kila jibu namba. Mwisho tunalinganisha. Tukitofautiana sana, makundi yenyewe ndiyo mabovu, tunayaandika upya na kurudi mwanzo. Ni kazi inayochosha macho na kuharibu tabia. Tabia yangu iliharibika zamani.

Safari hii mteja alikuwa wilaya moja ya milimani iliyotaka kufunga baadhi ya vituo vyake vidogo vya afya, vile vya nesi mmoja na kabati la dawa. Swali kubwa lilikuwa hili: kituo cha kijiji chenu kikifungwa, wewe utapoteza nini? Watu walisema mambo ya kila namna. Dawa za presha. Sindano ya mgongo. Mmoja alisema atapoteza mahali pa kumkimbia mkewe, na mimi na Jin-ok tulibishana siku nzima kama hiyo ni "mahali pa kukutana na watu" au ni kinyume chake.

Halafu ikaja Dolgogae. Mtu wa kwanza: "Barabara ya mlimani huganda barafu, hatuwezi kufika hospitali." Nikampa namba ya usafiri. Mtu wa pili: "Barabara ya mlimani huganda barafu, hatuwezi kufika hospitali." Wa tatu, wa nne, kijiji kizima, mwanamume na mwanamke, mwenye miaka sitini na mwenye miaka tisini, sentensi moja hiyo hiyo, hata mkato uko mahali pale pale.

Nikaenda kabatini kutoa karatasi zenyewe. Zilikuwa safi. Dodoso la kweli halina usafi ule, kwa sababu mzee anaanza na barabara, anaingia kwenye ng'ombe, anarudi kwenye goti, na mdadisi anafutafuta akimfukuza. Hapa hapakuwa na hata neno moja lililofutwa. Kalamu moja, mwandiko mmoja, na chini kabisa sahihi ya mdadisi: Bang Gil-ja.

"Amepika majibu," nilimwambia Jin-ok.

"Dada, huna hakika."

"Kijiji kizima kinasema kama kasuku mmoja, nikose hakika ya nini? Amekaa kwenye mgahawa, amekula tambi, amejijazia mwenyewe."

Jin-ok alijua habari zetu. Bang ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mwaka jana, mbele ya kila mtu, akasema kwamba yeye anapanda milima akiwa na goti bovu kuleta maneno ya watu, kisha Tak Yeong-sun, yaani mimi, anakaa kwenye kiti chenye mto na kuyatupa kwenye pipa la "mengineyo". Nami nikamjibu kwamba kama angeandika walichosema watu badala ya muhtasari wake wa kivivu, lisingehitajika pipa. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kuinamisha vichwa tu, na hatuinamishi sana.

Nikapeleka karatasi kwa Mkurugenzi Eom. Eom ni mtu wa kuogopa. Anamwogopa mteja, anamwogopa mkewe, anaogopa lifti. Alizipekua mara mbili, akaanza kusugua paji la uso.

"Mkuu Tak, hii ni mbaya."

"Ni mbaya sana, Mkurugenzi."

"Usiseme kwa furaha hivyo."

Tukapiga simu. Ndiyo kanuni: kila dodoso lina namba ya simu ya mhojiwa, na ofisi inawapigia baadhi kuuliza kama kweli mdadisi alifika. Dolgogae hakuna aliyetuvumilia. Wazee wa siku hizi wamefundishwa kwamba sauti ngeni kwenye simu ni ya mwizi anayetaka namba ya benki, na wamefundishika vizuri mno. Mmoja alinisikiliza hadi mwisho kisha akanishauri nitafute kazi ya halali nikiwa bado na nguvu.

Bang akaitwa. Aliingia na koti lake jekundu la kupandia milima, hakukaa.

"Nani anasema nimepika?"

"Karatasi zinasema," nilimjibu.

"Karatasi hazisemi, Mkuu wa Meza. Ungekuwa umewahi kutoka nje ungejua watu ndio wanaosema."

"Basi niambie watu wangapi duniani wanaweza kusema sentensi moja bila kukosea hata neno?"

Hapo alinyamaza. Bang hanyamazi. Namfahamu miaka mingi na sijawahi kumwona akikosa la kusema, hata kwenye mazishi. Nikajua nimempata.

"Nilikwenda," alisema mwishowe, akimwangalia Eom na si mimi. "Nyumba kwa nyumba. Niliandika nilichoambiwa, neno kwa neno, kama huyu alivyonifundisha kwa matusi."

Eom akasema ana siku chache tu kabla ya kupeleka jedwali wilayani. Kama hakuna wa kuthibitisha, itabidi aiandikie kila ofisi ya utafiti tunayoshirikiana nayo. Sote watatu tulijua maana yake. Mdadisi anayejulikana kwamba amepika hapewi tena dodoso na mtu yeyote katika nchi hii, na Bang, mjane mwenye umri wa miaka sitini na miwili, hakuwa na kazi nyingine wala jina jingine. Alikuwa na sifa moja tu duniani, kwamba anafika pale ambapo wengine wanageuza gari.

"Nitakwenda mwenyewe," nilisema. "Nitawauliza uso kwa uso."

"Nenda," Bang alisema. "Vaa viatu, si hivyo vya kuchezea."

Nilikwenda kesho yake. Basi la wilaya linakuacha chini ya mlima, na kutoka hapo unapanda kwa miguu barabara ambayo kweli ilikuwa na barafu kwenye kivuli. Nilianguka mara moja. Nilimlaani Bang kwa hilo pia. Njia ya mwongo ni fupi, nilijiambia nikijipangusa matako, lakini hii mbona ndefu hivi.

Kijijini nikaingia kwenye ukumbi wao, mahali wanapokaa wazee majira ya baridi ili wasiwashe moto kila mtu kwake. Wanawake walikuwa wamejilaza kwenye sakafu ya joto, wanamenya vitunguu saumu. Waliniangalia kuanzia kiatuni hadi kichwani.

"Unauza nini?"

"Siuzi kitu, bibi. Natoka ofisi ya utafiti, habari za kituo cha afya. Je, kuna mama alikuja hapa kuwauliza maswali?"

"Vua viatu kwanza, unaingiza baridi."

Nikavua. Mmoja akanisogezea kiazi kitamu cha kuchoma bila kuniuliza kama ninataka. Nilikuwa nimeanza kurudia swali langu pale kitu kilipokwaruza juu ya paa. Ni spika, ile ya mkuu wa kijiji, ambayo kila kijiji chetu kinayo, ya kutangazia mbolea na misiba. Ikakohoa. Ikafuata sauti ya mwanamume.

"Aa, aa. Huyu ni mkuu wenu wa kijiji, Seon. Wanakijiji, yule mtu wa dodoso la kituo cha afya amekuja tena, mwingine, mwanamke, yuko ukumbini. Narudia kama siku ile. Akiuliza mtapoteza nini, tusimchanganye kwa habari za ng'ombe na magoti. Wote tuseme: barabara ya mlimani huganda barafu, hatuwezi kufika hospitali. Narudia. Barabara ya mlimani huganda barafu, hatuwezi kufika hospitali. Asanteni. Na nani ameacha mbwa wake kwenye kabichi zangu."

Yule bibi aliyenipa kiazi akaweka kisu chini, akajipanga vizuri, akaniambia kwa sauti ya mwanafunzi wa darasa la kwanza: "Barabara ya mlimani huganda barafu, hatuwezi kufika hospitali."

"Na yule mama wa kwanza, mlimwambia nini?"

"Hiyo hiyo. Akatukasirikia. Akasema tumwambie yetu wenyewe. Tukamwambia hii ndiyo yetu, mkuu amesema."

Nikaweka kiazi chini. Bang alikuwa amefika. Alikuwa amepiga magoti, na lile goti bovu, kwenye sakafu kama hii, nyumba kwa nyumba, akaandika neno kwa neno, na hakufuta kitu kwa sababu hakukuwa na cha kufuta. Nilikuwa nimekuja kumzika, nikamkuta hai. Sitasema nilifurahi. Nilichukia, kama mtu aliyenyang'anywa tonge lililokwisha kufika mdomoni.

Nilipomtafuta mkuu Seon nilimkuta nje ya nyumba yake, mfupi, mwenye kofia ya jeshi, anajivunia.

"Umesikia vizuri huko ukumbini? Nimeongeza sauti."

"Mzee Seon, unajua ulichokifanya?"

"Nimewasaidia. Wazee wetu wanasahau. Mkija mnawauliza, wanawaelezea ndoa zao. Sasa mmepata jibu moja, safi, la nguvu."

"Jibu la kufundishwa halihesabiwi. Mkataba wetu na wilaya unasema kijiji kilichoelekezwa na kiongozi wake kinatolewa kwenye utafiti. Chote. Na kijiji kisicho na majibu, wilaya inahesabu hakina pingamizi, na kituo kinafungwa."

Kofia akaivua, akaivaa tena.

"Hilo hatukuambiwa."

"Nani angedhani kuna mtu anayehitaji kuambiwa?"

Niliteremka mlima nikiwa na hasira za kutosha watu watatu. Kwenye kituo cha mabasi mjini Daejeon nilimkuta Bang amekaa kwenye benchi, mikono mfukoni. Seon alikuwa amempigia simu.

"Umesikia spika," alisema.

"Nimesikia. Kwa nini hukusema ofisini? Ungejiokoa kwa neno moja."

"Kaa chini."

"Sikai. Kuna sehemu ya maoni ya mdadisi mwisho wa kila dodoso. Ipo kwa mambo kama haya. Hukuandika kitu. Kila karatasi umeiacha tupu. Huko si kusahau, Mama Bang, huko ni kuficha."

"Nilificha."

Nilitegemea abishe. Nikakaa.

"Nilipofika spika ilikuwa imekwisha kusema," alisema. "Nikamtukana Seon mpaka mbwa akakimbia. Lakini maji yalikwisha mwagika. Ningeandika kwenye maoni, wewe ungesoma, maana wewe unasoma kila kitu kama mtu anayetafuta chawa. Ungempelekea Eom, na Eom angeitupa Dolgogae nje. Nikajiambia nitapeleka hivi hivi, labda msiangalie. Usafiri ni usafiri, mtatia namba, itapita."

"Jibu moja mara kijiji kizima, ipite kwangu?"

"Nilisahau ni wewe." Alicheka bila kupenda. "Sasa nisikilize. Kesho mbele ya Eom usiseme chochote."

"Nitasema nilichokisikia. Umefika, umeuliza, ndivyo ilivyo. Mimi sikupendi lakini siwezi kukuacha uitwe mwongo kwa jambo ambalo hukulifanya."

"Ukisema nilifika, utasema na spika. Huwezi kusema moja bila jingine. Na ukisema spika, Dolgogae imetoka."

"Ndiyo kanuni."

"Na mdadisi akipika, kanuni inasemaje?"

Niliona anakoelekea, nikahisi baridi kali kuliko ile ya mlimani. Mdadisi akipika, kosa ni letu, si la kijiji. Ofisi inagharimia, inatuma mtu mwingine, na kijiji kinaulizwa upya.

"Umerukwa na akili," nilisema.

"Goti limekwisha. Hii ilikuwa baridi yangu ya mwisho kupanda milima, hata kama ningesifiwa. Wale wana nesi mmoja."

"Jina lako je? Miaka yote hii. Watakutaja kwenye mafunzo ya wadadisi wapya, watakutolea mfano."

"Watakuwa wanasikia kutoka kwako, Tak. Utafurahi." Aliinuka akishika benchi. "Na usinionee huruma. Ukinionea huruma nitakutapikia. Nilikuwa nakudharau kwa raha zangu, usiniharibie."

Nilimwambia sitanyamaza. Nilimwambia kweli ni kweli, na sikuajiriwa kuigiza. Akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake Eom alituita wote, hata wachapaji, kwa sababu alitaka mashahidi wa kumgawia woga wake. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilikuwa nimeyaandika, hata. Eom akageuka kwangu, akasema, "Mkuu Tak, umekwenda, tuambie."

Bang hakungoja nifungue mdomo.

"Hana haja ya kusema," alisema kwa sauti yake ile ya sokoni. "Nimepika. Kulikuwa na barafu, goti lilikuwa linauma, nikakaa kwenye mgahawa wa chini ya mlima nikajijazia. Nilifikiri hakuna atakayeona. Huyu mwanamke ana macho."

Chumba kizima kikaniangalia kwa heshima. Eom akanigeukia.

"Ndivyo?"

Bang naye aliniangalia, na hayakuwa macho ya kuomba. Yalikuwa macho ya mtu anayekuambia jaribu uone. Karatasi yangu ilikuwa mkononi. Ningesoma mistari miwili tu na jina lake lingesafishika pale pale, na wale wanawake wa vitunguu saumu wangefutwa pamoja na nesi wao. Nilimchukia kwa kunipa uchaguzi ule mbele ya watu, na nikajichukia zaidi kwa sababu siku tatu nyuma ningelipa pesa kuyasikia maneno yale aliyoyasema.

"Ndivyo," nilisema.

Alirudisha kitambulisho chake mezani, kile cha kuning'iniza shingoni, akaenda. Mchapaji mmoja, msichana ambaye hajawahi kupanda hata kilima, akasema chini chini kwamba watu kama wale ndio wanaoharibu kazi. Nikamwambia anyamaze achape. Alishangaa. Alidhani yuko upande wangu.

Mimi mwenyewe nilimpigia Seon. Nilimwambia anakuja mdadisi mpya, na kwamba akigusa spika hata kwa kupangusa vumbi nitapanda huo mlima nimlishe waya wake. Akaniuliza kama anaweza kutangaza habari za mbwa. Nikamkatalia na mbwa.

Mdadisi mpya alikwenda, kijana mmoja makini, akarudi na karatasi chafu. Nilizipenda nilipoziona tu. Mistari iliyofutwa, mishale inayorudi nyuma, kona yenye mafuta. Zikachapwa, zikaja kwenye meza yetu, mimi na Jin-ok tukaanza, kila mmoja kwenye kompyuta yake.

Dolgogae ilikuwa imefunguka mdomo. "Nesi Ham ananikata kucha za miguu, mimi siinami tena." Hiyo ni namba ya nesi. "Dawa ya sukari, na ananigombeza nikila keki za mchele." Dawa, na nesi tena, jibu moja laweza kubeba namba mbili. "Sipotezi kitu, sijaumwa tangu vita." Naye akapata namba yake, maana hatuchagui. Barabara yenyewe ilitajwa na wachache tu.

Lakini nusu ya majibu yale hayakuanzia hapo. Yalianzia mbali kidogo.

"Tulishamwambia yule mama wa kwanza. Kwa kweli ni nesi, usiku anakuja na tochi."

"Yule mama mwenye goti bovu alikuja hapa akaandika, kwa nini mnauliza tena? Dawa za presha."

"Mama yule wa koti jekundu alikaa hapo ulipokaa wewe. Mimi nitapoteza mtu wa kuongea naye."

Nilisoma, nikashuka, nikasoma. Mbele yangu palikuwa na ushahidi wa nusu ya kijiji kwamba Bang Gil-ja alifika. Umeandikwa kwa mkono, umechapwa, umetiwa namba ya dodoso. Hata Eom angeelewa kama angesoma, na kutoka hapo angefika kwenye spika. Lakini Eom hasomi majibu, wala wilaya haisomi. Wanasoma jedwali. Kinachofika kwenye jedwali ni kile tu ambacho mimi na Jin-ok tumekipa namba.

Jin-ok akageuza kiti.

"Dada, nina swali kuhusu makundi. Haya ya 'tulishamwambia yule mama' yamekuwa mengi. Tumesema jambo likirudiwa hivi tunalifungulia kundi lake. Nifungue?"

"Usifungue."

"Niweke kwenye mengineyo?"

"Hapana. Mengineyo tunaandika maelezo yake mwishoni mwa ripoti."

Jin-ok si mjinga. Aliangalia kioo cha kompyuta yake, akaniangalia mimi, na nikaona jambo linamwingia polepole na kumuumiza, kwa sababu yeye alimpenda Bang. Bang alikuwa akimletea matunda ya kukausha kutoka vijijini.

"Dada," alisema, "yule mama wa kwanza alikwenda, basi. Kweli alikwenda."

"Swali linauliza watapoteza nini kituo kikifungwa."

"Najua linauliza nini."

"Halikuuliza nani alikuja. Sehemu ya jibu isiyojibu swali haipewi namba. Wape namba za nesi, za dawa, za mtu wa kuongea naye. Hizo nyingine ziache."

"Wewe ulikuwa unajua? Siku ile ya mkutano?"

"Tia namba, Jin-ok."

Aligeuka, akaendelea, na kwa muda nikasikia tu vidole vyake vikigonga vitufe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hajaniita dada tena tangu siku hiyo. Ananiita Mkuu Tak, kwa adabu kamili. Jioni tulilinganisha. Miaka yote hii hatujawahi kupatana vile: hakuna jibu hata moja la Dolgogae ambalo yeye alilipa namba moja nami nikalipa nyingine. Tulikuwa tumemfuta Bang Gil-ja pale pale, kila mara, bila kukosea, na kazi ilikuwa safi.